Packet Tracer imenionyesha kwa macho brodkasti inaishia wapi

Kama unasoma netiweki na yale maswali ya kuhesabu maeneo ya mgongano na maeneo ya brodkasti yanakuchanganya, pakua Packet Tracer ya Cisco, ni ya bure ila lazima uwe na akaunti. Mimi naipenda kwa kitu kimoja, modi yake ya Simulation, ambayo unaona kila ujumbe kama bahasha inatembea kwenye waya.

Nilianza na kompyuta nne kwenye habu moja, zote za 192.168.1.x. Ya kwanza ikipiga ping ya pili, habu inarusha bahasha kwenye poti zote, ya tatu na ya nne zinapokea halafu zinaitupa kwa sababu si yao. Waya ni kama mmoja tu, wakituma wawili kwa mpigo data zinagongana. Kwa hiyo hapo eneo la mgongano ni 1 na la brodkasti ni 1.

Nikatoa habu nikaweka swichi ya 2960. Hapa ndo patamu. Ping ya kwanza inatanguliwa na ARP, ambayo ni brodkasti, ukiibofya unaona anwani ya mpokeaji ni FFFF.FFFF.FFFF, na hiyo inafika kwa wote vilevile kama kwenye habu, lakini ping yenyewe inayofuata inaenda kwa kompyuta ya pili peke yake maana swichi imeshajua MAC ipo poti gani. Kila poti sasa ni eneo lake la mgongano, yako 4, brodkasti bado 1. Ukitaka kuiona ARP tena andika `arp -d` kwenye kompyuta, la sivyo haitumwi, bado inaikumbuka.

Halafu VLAN, swichi ileile, nyaya zilezile:

```
interface range fa0/3 - 4
 switchport mode access
 switchport access vlan 20
```

Poti mbili za mwanzo zimebaki VLAN 1. Sasa kompyuta ya kwanza ikiita ya tatu, ARP inaishia kwa ya pili tu, haivuki, na ping inafeli japo IP ni za mtandao mmoja. Maeneo ya mgongano bado 4, ya brodkasti yamekuwa 2. Hapo ndo niliamini VLAN haigusi migongano kabisa, inakata brodkasti. Ukitaka ziongee weka ruta, na kila VLAN uipe mtandao wake wa IP.

Kinachoniudhi ni kwamba Simulation inajaza skrini na STP na CDP mpaka huoni unachotafuta, ingia Edit Filters ubakize ARP na ICMP tu. Ukishazoea, chomeka habu yenye kompyuta mbili kwenye poti moja ya swichi uhesabu upya, mtihani unapenda sana hiyo: poti ile na habu yake vyote ni eneo 1 la mgongano.