Seva ya ofisi au ya wingu? Chaguo tatu kwa chama cha tumbaku Tabora

Mhasibu mmoja wa hapa Tabora alinionyesha hesabu mbili: seva ya kununua shilingi milioni 12, ya kukodi kwenye wingu 290,000 kwa mwezi. Akasema ya kununua inajilipa kwa miezi 41. Nikamwomba anifungulie chumba chenyewe. Kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo, na LUKU ilikuwa inapiga kelele.

Milioni 12 ni mtaji, lakini mashine haiishii hapo. Ikila wati 200 usiku na mchana, na kiyoyozi kikila karibu kiasi hicho hicho, ni yuniti 3,500 kwa mwaka. Kwa shilingi 350 kila yuniti, miaka mitano inakula milioni 6.1. Ongeza kiyoyozi na betri ya akiba milioni 3.5, betri mpya na diski ya nakala 1.4, fundi wa 150,000 kwa mwezi milioni 9. Jumla milioni 32. (Bei ni za mfano, weka za proforma yako.)

Na wingu lisipendelewe. Fundi bado anahitajika, walau nusu: milioni 4.5. Laini ya pili ya intaneti, 120,000 kwa mwezi, ni 7.2. Kukodi seva yenyewe 17.4. Jumla 29.1, na bili ikiwa ya dola, shilingi ikishuka asilimia 10 inafika karibu 31.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu.

Ya kwanza: wingu linalopandishwa na kushushwa. Chama kina kazi nyingi miezi minne hivi ya masoko. Miezi minane iliyobaki seva inalala. Ukiishusha hadi nusu ya bei, 145,000 kwa mwezi, unaokoa milioni 5.8 kwa miaka mitano. Kichakataji na kumbukumbu hushushwa kwa kuzima na kuwasha tena, ila diski kwa kawaida haipunguzwi, basi anza na ndogo. Na mtu ataje tarehe ya kushusha. Nimeona wanaosahau hadi msimu ujao.

Ya pili: seva yako, hasa kama chumba na fundi mnao tayari. Intaneti ikikatika, mizani inaendelea kuandika. Mbele ya TRA kompyuta hushushwa thamani kwa asilimia 37.5 ya salio kila mwaka, hivyo mwaka wa kwanza milioni 4.5 tu ndiyo inahesabika kuwa gharama.

Ya tatu: wingu la ukubwa uleule mwaka mzima. Unalipia mashine iliyolala, kwa dola.

Jambo moja wauzaji hawaligusi. Ushuru wa chama huingia msimu, bili ya wingu huja hata Januari sanduku likiwa tupu, na usipolipa huduma husimamishwa. Ukichagua wingu, tenga fedha za miezi 12 wakati tumbaku inalipwa.