Uzoefu wangu: siku ya kwanza ofisi ya pensheni, nikitoka eda

Faili lilikuwa la plastiki, la bluu, lenye kifungo cha kubana, na kwa macho yangu lilikuwa limekamilika. Cheti cha kifo kimo, cheti cha ndoa kimo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho cha NIDA cha marehemu na changu, kitambulisho chake cha ustaafu, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za wazee saba, na picha ndogo nne. Nilijiambia: nakwenda mara moja, namaliza.

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kilosa. Alistaafu, na pensheni yake ilikuwa ikiingia benki kila mwezi. Akafariki mwezi wa tano. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, kwa hiyo habari za makaratasi walizibeba wengine. Shemeji yangu ndiye aliyefuatilia cheti cha kifo RITA, na kikao cha ukoo kilifanyika pale pale nyumbani, mimi nikisikiliza kutoka chumbani. Nilipotoka eda, katikati ya mwezi wa tisa, wiki iliyofuata nikapanda basi la alfajiri kwenda Morogoro mjini. Ofisi yenyewe siitaji, maana mabaya nitakayoyasema si ya kwao peke yao.

Getini tu nimepokelewa na kijana nadhifu, shati limechomekewa: "Mama, hilo faili nikufuatilie? Elfu hamsini, huhangaiki." Nikamwambia nimekuja kuhangaika mwenyewe. Huyo si mtumishi wa pale, na mlinzi anamjua na anamwacha. Kati ya nyota tano za kuipima ofisi hii, moja nimeikata hapo.

Ndani nikapewa namba ya foleni, nikaketi kwenye benchi la chuma. Saa tatu ikawa saa tano. Mara mtandao uko chini, mara umerudi, mara mhudumu wa dirisha letu ametoka. Wazee wengi pale walikuwa wastaafu, na hakuna aliyekuja kutuambia tunasubiri nini. Nyota ya pili.

Zilizobaki ni za binti wa dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Pole na msiba." Kisha hakuniuliza neno. Alitoa karatasi zangu moja moja, akazipanga juu ya kaunta kama mtu anayepanga karata, akachukua penseli akaanza kugusa jina la marehemu kwenye kila moja. Kitambulisho cha ustaafu: Athumani. NIDA: Athumani. Cheti cha kifo: Othman. Cheti cha ndoa cha mwaka 1986, kilichoandikwa kwa mkono: Othman tena, na jina la ukoo halipo kabisa.

"Mama," akasema, "hapa nina wanaume wawili."

Nilitaka kucheka. Mume wangu sisi tulimwita vyote viwili, msikitini Othman, shambani Athumani, na hakuna aliyewahi kupotea. Shemeji alipojaza taarifa za kifo aliandika kama wanavyoandika kwao. Lakini yule binti alinieleza vizuri: kwenye kumbukumbu zao mwanachama ni Athumani, na cheti kinathibitisha kwamba amekufa Othman. Akilipa hivyo hivyo, mkaguzi atamuuliza yeye.

Nikamuuliza kama nirudi RITA nikabadilishiwe cheti. Akasema kurekebisha kunawezekana, ila wao wangeridhika na kiapo cha majina: mtu wa karibu aliyemfahamu marehemu anaapa mbele ya wakili au hakimu kwamba majina hayo, pamoja na lile fupi la cheti cha ndoa, ni ya mtu mmoja. Aliye hai angeweza kuapa mwenyewe. Huyu hayupo, kwa hiyo aape kaka yake. Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi majina yote matatu jinsi yalivyo kwenye kila hati, herufi kwa herufi, ili wakili asije akabuni la nne.

Halafu akashika muhtasari wa kikao cha ukoo. Ule ndio nilioutegemea. Wazee walimchagua mwanangu mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, wakasaini, mtendaji wa kijiji akagonga muhuri. Kumbe muhtasari ni mapendekezo tu. Msimamizi anateuliwa na mahakama, na kwa sisi ni Mahakama ya Mwanzo, inayotoa barua ya usimamizi, ile wanayoiita Fomu Namba IV. Bila hiyo, dirishani mwanangu ni mtoto wa marehemu tu.

Hapo nikainuka nikimbilie mahakamani. Binti akanishika mkono. "Usianze huko, mama. Anza na kiapo." Sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Mahakama itanakili jina la marehemu kutoka kwenye cheti cha kifo. Barua ya usimamizi ikitoka na jina la Othman peke yake, nitakuwa na hati nyingine tena isiyofanana na kumbukumbu zao, na safari hii ni hati ya mahakama, ambayo wakili wa barabarani hawezi kuinyoosha. Kwa hiyo kiapo kwanza, kisha kiapo hicho kiambatanishwe kwenye maombi ya mirathi, na maombi yenyewe yataje majina yote. Mama mmoja niliyekaa naye benchi alikuwa amerudishwa kwa kosa hilo hilo, barua ya mahakama anayo mkononi.

Nilidhani tumemaliza. Akauliza taratibu: "Mama, kadi ya benki ya mzee iko wapi?"

Iko kwa mwanangu. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akienda kutoa, namba ya siri tunaijua wote, tunanunua mchele, tunalipa ada ya mdogo wake. Mimi niko ndani na eda yangu, sikuona ubaya. Hela ya baba yao ile. Binti hakunigombeza. Alieleza kwamba mfuko haujui mtu amekufa mpaka uambiwe, mashine inaendelea kulipa, na pensheni ya mstaafu ni yake akiwa hai. Kinachoingia baada ya hapo kinadaiwa. Akahesabu kwa vidole: Juni, Julai, Agosti. Laki mbili na themanini mara tatu, laki nane na arobaini, zitakatwa kwenye mafao yetu. Nilikaa kimya nikitazama vile vidole vitatu. Eda haimzuii mtu mwingine kupeleka taarifa ya kifo, angekwenda hata shemeji, na cheti alikuwa nacho toka mwezi wa sita. Hakuna aliyetuambia, ila na sisi hatukuuliza.

Alipokea taarifa ya kifo na nakala ya cheti siku ile ile ili malipo yasimame, japo majina hayajanyooka. Nilimwomba agonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu pia. Akatazama kidogo, akagonga, akaandika tarehe. Wasipokupa, omba. Hiyo karatasi ndiyo pekee iliyoongezeka kwenye faili siku nzima.

Nje, kabla ya kutafuta steshenari ya kutoa kopi, nilimpigia mwanangu. Alikuwa sokoni, makelele matupu. Nikamwambia mwezi huu asiende kwenye mashine, kadi aiweke kabatini kwenye sanduku la baba yake. Akauliza, "Sasa ada, mama?" Nikamwambia ninarudi na basi la saa tisa, tutaongea.