Kanuni ya p au kikomo: njia ipi kwa integrali ya 1/x^p?

Kutoka 1 hadi ∞, kanuni ya p ndiyo ya haraka: p > 1, integrali ina thamani, p ≤ 1, haina. Lakini thamani yenyewe haikupi, na ukiihamishia kipande cha 0 hadi 1 itakupotosha, kwani huko sharti hugeuka kuwa p < 1.

Kikomo kina kazi zaidi, ila kinaonyesha sababu. Weka b badala ya ∞. Kwa p = 3/2 unapata 2 − 2/√b; b ikikua, 2/√b huelekea 0, jibu ni 2. Wengi hukwama p = 1, maana fomula ya kawaida inagawa kwa 0. Hapo tumia ln b, inayokua polepole mno lakini bila mwisho.

Ukiulizwa ndiyo au hapana tu, kanuni inatosha. Ukitakiwa thamani au uthibitisho, shika kikomo.