Dokezo langu la kuomba mashine ya kemia, na mwaka mmoja wa kuitumia

Dokezo la kwanza lilirudi na mstari mmoja wa kalamu nyekundu wa mganga mfawidhi: "Iliyopo ina tatizo gani?" Alikuwa na haki. Nilikuwa nimejaza kurasa mbili za "kisasa", "kasi" na "huduma bora", maneno ambayo kila idara huyaandika ikitaka kitu.

Ninaongoza maabara ya hospitali ya wilaya. Kemia ya damu tulikuwa tukipima kwa mkono: bafu la maji la nyuzi 37, kolorimita ya kusoma ukali wa rangi, stopwochi na kikokotoo. Dokezo la pili nikalijenga juu ya kipimo kimoja tu, kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kwa sababu ndicho kilichokuwa kikinikosesha usingizi.

Kwa mbinu ya Jaffe, seramu, yaani majimaji ya damu, huchanganywa na pikrati yenye alkali, na rangi ya machungwa huanza kupanda. Hutakiwi kusubiri rangi ikomae, unapima inavyopanda: unasoma sekunde ya 30, unasoma tena sekunde ya 90, tofauti unailinganisha na ya standadi, myeyusho ambao kiwango chake kinajulikana. Dakika hiyo moja ndiyo kipimo chenyewe. Sasa weka mtu mmoja, sampuli ishirini, na muuguzi dirishani anauliza, "Majibu ya wodi ya wazazi tayari?" Ukigeuka kumjibu, sekunde ya 90 imekuwa ya 105.

Hesabu yake niliiweka kwenye dokezo kama ilivyo. Standadi ya mikromoli 177 kwa lita imepanda 0.060. Mgonjwa amepanda 0.045, basi jibu ni 133. Mgonjwa huyohuyo, usomaji wake wa pili ukichelewa sekunde 15, anakuwa amepanda kama 0.056, na jibu linatoka 165. Figo zake ni zilezile, kilichoongezeka ni kuchelewa kwetu. Daktari anayepanga dozi hawezi kuliona kosa hilo kwenye karatasi ya majibu.

Hoja ya pili ilikuwa fupi. Kipimo cha ini cha ALT kwa njia ya kasi husomwa kwenye nanomita 340, mwanga usioonekana kwa macho, na kolorimita yetu haifiki huko. Tulibaki na njia ya zamani ya kusubiri nusu saa, kuongeza rangi, kusubiri dakika 20 nyingine, ndipo sodiamu haidroksaidi.

Mhasibu aliniita. "Kaka, kuna kampuni zinatoa mashine bure. Kwa nini tununue?" Nikamwonyesha masharti: mashine ya bure hukubali vitendanishi, kemikali za kupimia, vya mwenye mashine peke yake. Siku vikikosekana, unabaki na meza nzuri. Niliyoiomba inapokea vitendanishi vya kiwanda chochote, unaingiza mwenyewe namba za kipimo. Tena inatumia mikrolita 500 pale tulipokuwa tukitumia mililita nzima. Sikuahidi kwamba chupa itatoa vipimo mara mbili, maana kontroli, sampuli za kuhakiki kipimo, na kusafisha navyo vinakula sehemu yake. Mkubwa wake, ile inayofanya kila kitu yenyewe, sikuiomba: inahitaji maji yaliyosafishwa mfululizo na umeme usiochezacheza. Hii yetu inaridhika na UPS.

Ilikubaliwa. Baada ya mwaka nasema hivi: stopwochi imestaafu, na hilo pekee linatosha. Mashine inanyonya mchanganyiko, inaupasha moto, inasoma kwa sekunde zake bila kuitikia hodi. Kontroli ya kreatinini, iliyokuwa ikirukaruka kwenye chati, sasa inatembea karibu na mstari wa katikati.

Lakini pipeti bado ni mkono wako. Ukinyonya seramu kidogo, mashine itakupa jibu baya kwa utulivu mkubwa. Na Jaffe ni Jaffe: seramu ya manjano ya mgonjwa wa ini bado inadanganya kreatinini.

Adui mwingine ni povu. Siku moja nilipata kreatinini hasi, kitu kisichowezekana. Mchoro kwenye skrini ulipaswa kupanda kama mteremko mmoja ulionyooka. Ulikuwa umeruka juu ghafla kisha ukaanguka. Kiputo kilikuwa kimekaa kwenye kioo cha kusomea. Tangu hapo hatuangalii namba kabla ya mchoro, na baada ya sampuli yenye jibu kubwa sana tunapitisha maji yaliyokenekwa ili isiichafue inayofuata.

Baada ya miezi kadhaa majibu ya kontroli yakaanza kuteleza taratibu upande mmoja. Tulibadilisha kitendanishi bila mafanikio. Kumbe ni mpira wa pampu: ulikuwa umelegea, unavuta pungufu, na mabaki ya sampuli iliyopita yanabaki ndani. Mpira mpya, pampu ikapimwa upya, chati ikarudi.

Mpira wa akiba na taa ya akiba sikuviweka kwenye dokezo la pili. Nimeviandikia la tatu. Bado liko kwa mhasibu.