Uchambuzi: Kishikilia nafasi cha picha katika PowerPoint

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo ninachambua zana moja tu ya PowerPoint ya kompyuta, nayo ni kishikilia nafasi cha picha, ile fremu tupu unayoijenga mara moja ndani ya mpangilio wa slaidi, kisha kila picha utakayoingiza inakaa humo kwa ukubwa ule ule na kukatwa kingo yenyewe. Niseme msimamo wangu mapema: kwa mtu anayeandaa slaidi za picha nyingi, kama vile viongozi wa chama, walimu wa shule au bidhaa za duka, ninaiona kuwa zana yenye manufaa makubwa kuliko vipambo vyote vya programu hii. Hata hivyo, haina macho. Haijui uso uko wapi katika picha, na hapo ndipo mtumiaji anapopaswa kuisaidia.

Tuchukue mfano wa slaidi ya viongozi wanne wa chama cha ushirika: mwenyekiti, makamu wake, katibu na mweka hazina. Fungua menyu ya `View`, ubonyeze `Slide Master`, kisha `Insert Layout` ili upate mpangilio mpya. Sasa bonyeza mshale ulio chini ya `Insert Placeholder`, na hapa naomba tuwe makini, kwa sababu orodha inayofunguka ina `Content` na pia `Picture`, na zote mbili zinapokea picha. Tofauti yake ni kwamba `Content` huipunguza picha mpaka ienee yote ndani ya nafasi, bila kuikata, hivyo picha ya wima na ya mlalo zitatoka na maumbo mawili tofauti. `Picture` ndiyo inayojaza fremu yote na kukata kinachozidi. Watu wengi wanaolalamika kwamba picha zao hazilingani wamejenga kwa `Content`, na watalazimika kukata picha moja moja kwa mkono mpaka wabadilishe aina ya fremu.

Chora fremu ya kwanza kwa kukadiria tu, kisha nenda kwenye `Shape Format` uandike vipimo kwa tarakimu. Slaidi pana ya kawaida ina upana wa sentimita 33.87 na kimo cha sentimita 19.05. Mimi ninachagua fremu yenye upana wa sentimita 6 na kimo cha sentimita 8, kwa kuwa umbo hilo la wima linaufaa uso na mabega. Fremu nne zenye nafasi ya sentimita 1.2 kati yake zinachukua sentimita 27.6, kwa hiyo pembeni kunabaki takriban sentimita 3.13 kila upande. Bonyeza `Ctrl+D` kuzirudufu badala ya kuzichora upya, kisha, katika kidirisha cha ukubwa na mahali, andika umbali kutoka kushoto: 3.13, 10.33, 17.53 na 24.73. Umbali kutoka juu uwe sentimita 4.5 kwa zote. Kama kompyuta yako inaonyesha inchi, ni kwa sababu ya mipangilio ya eneo ya mfumo wake, nayo haibadilishi kazi yenyewe. Chini ya kila fremu weka kishikilia nafasi cha aina ya `Text` kwa ajili ya jina na cheo, ili maandishi nayo yasitangetange.

Kabla ya kutoka, futa maneno yaliyomo ndani ya fremu na uandike maelekezo yako, kwa mfano "Picha ya katibu". Maneno hayo hayaonekani wakati wa kuonyesha slaidi. Kazi yake ni kumwongoza atakayejaza. Upe mpangilio jina kwa `Rename`, funga kwa `Close Master View`, kisha katika `Home` bonyeza mshale wa `New Slide` uuchague.

Sasa tuijaribu kwa picha halisi. Picha ya mlalo ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000, ikiingia katika fremu yetu, inabaki na kimo chake chote cha 3000, lakini upana unaobaki ni pikseli 2250 tu. Zile 1750 zilizozidi zinakatwa sawasawa, 875 kushoto na 875 kulia. Kama mwenyekiti alisimama katikati ya picha, ametoka vizuri. Kama alisimama pembeni, kando ya bango la chama, fremu itatuonyesha bango na nusu ya bega lake. Picha ndefu ya 1080 kwa 1920 nayo inapoteza pikseli 240 juu na 240 chini, na ikiwa mpigaji aliacha nafasi ndogo juu ya kichwa, kilemba au nywele zitakwenda.

Dawa yake ni kubofya picha, kuingia `Picture Format` na kubonyeza `Crop`. Hapo utaona picha yote, na sehemu iliyofichwa ikiwa na rangi hafifu. Shika picha yenyewe katikati na uisogeze mpaka uso ukae unapotaka. Vishikio vyeusi vilivyo kwenye kingo ni vya fremu, na ukivivuta utaharibu ule ulinganifu tulioujenga. Vile vya mviringo kwenye pembe za picha ndivyo vya kuikuza au kuipunguza. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu fremu zinazolingana hazifanyi nyuso zilingane. Katibu aliyepigwa kwa karibu atajaza fremu yake, ilhali mweka hazina aliyesimama mbali ataonekana mdogo kama mgeni wa mbali, mpaka uikuze picha yake ukishika pembe.

Kuna kasoro nyingine inayojificha. Picha uliyoibandika inaweza kutua juu ya slaidi badala ya kuingia ndani ya fremu, hasa ikiwa fremu zote zimekwisha kujazwa. Namna rahisi ya kutambua ni kuifuta: ikiwa ilikuwa ndani, fremu tupu itajitokeza tena mahali pake, tayari kupokea picha nyingine. Ukiifuta na fremu yenyewe kwa bahati mbaya, bonyeza `Reset` katika `Home` nayo itarudi. Ni busara pia kuthibitisha uwiano wa fremu kabla ya kujaza picha, maana ukata wa kila picha umehifadhiwa katika slaidi yake na si katika mpangilio.

Wanaotumia Google Slides wana zana inayofanana nayo, ndani ya `Edit theme`, chini ya `Insert` na `Placeholder`, ingawa mimi nimejikita leo katika PowerPoint.

Jambo la mwisho linahusu usiri, na ninalichukulia kwa uzito. Kilichokatwa hakijatoweka. Mtu yeyote utakayemtumia faili akibonyeza `Crop` ataona picha yote, pamoja na mtoto aliyesimama pembeni au karatasi zilizokuwa mezani. Kwa hiyo, hifadhi nakala ya kazi yako kwanza, kisha katika ile nyingine bofya picha mojawapo, fungua `Compress Pictures`, weka alama kwenye `Delete cropped areas of pictures` na uondoe ile ya `Apply only to this picture` ili picha zote zihusike. Baada ya kuhifadhi na kufunga faili, sehemu hizo hazirudi tena, na faili hiyo ndiyo ya kuwatumia wanachama.