Uzoefu wangu na py: Python 3.11 na 3.13 kwenye Windows moja

Nina projekti ya zamani ambayo skripti zake za kubildi zinaita distutils, na distutils iliondolewa kwenye Python kuanzia 3.12, kwa hiyo ile lazima ikae 3.11. Kazi mpya zote nafanyia 3.13. Nimeziinstoli zote mbili na wala hazigombani, kila moja ina folda yake na laibrari zake, shida inakuja tu pale unapoandika python halafu Windows inachukua ile ya kwanza kuikuta kwenye PATH. Hapo ndo inaponifaa py, ile amri ya Windows ya kuchagua toleo la Python la kufungua.

Cha kwanza huwa naangalia kilichopo:

```
py -0p
```

Hiyo ni sifuri, sio herufi O. Inakutolea matoleo yote na folda zake, na lenye nyota ndo litakalofunguka ukiandika py peke yake. Kawaida ni lile jipya zaidi, so ukija kuongeza toleo jingine jipya, py yako inahamia huko bila kukuuliza. Mi nimeifunga hivi:

```
setx PY_PYTHON 3.11
```

Ukishaiandika funga terminali ufungue nyingine, maana ile iliyokuwa wazi haioni mabadiliko. Nikitaka 3.13 naandika tu py -3.13 basi.

Sasa sehemu ambayo watu wengi wanapoteza muda ni kwenye venv. Ile projekti ya zamani naianzisha hivi:

```
py -3.11 -m venv .venv
.venv\Scripts\activate
py -m pip install requests
```

Angalia mstari wa mwisho, sijaweka namba. Venv ikiwa imewashwa, py isiyo na namba inatumia Python ya humo ndani, lakini ukiandika py -3.11 inaruka venv na kwenda kwenye 3.11 ya mashine nzima, hata kama venv yenyewe ni ya 3.11! Pip itakwambia imeinstoli vizuri kabisa, alafu ukirun programu yako unakutana na ModuleNotFoundError, unabaki unaangalia skrini huelewi laibrari imeenda wapi. Ukihisi hivyo iulize yenyewe iko wapi, kwa amri ileile uliyotumia kuinstolia:

```
py -3.11 -c "import sys; print(sys.executable)"
```

Kama njia inayotoka haina .venv ndani yake, ujue laibrari imeenda nje. Rudia kuinstoli bila namba.

Kwangu mimi py imetosha kabisa, PATH siigusi tena. Ila kumbuka yenyewe inachagua tu toleo, haitenganishi laibrari za projekti mbili zinazotumia 3.11 hiyohiyo, kwa hiyo venv bado unaihitaji. Na pip usiiite kavukavu ukiwa nje ya venv, pitia py -3.13 -m pip ili ujue unaweka kwenye Python ipi.