Kufuatisha sauti au kusimamisha na kurudia?

Mfanyabiashara wa Kigoma anayejifunza Kifaransa kwa ajili ya wateja wa Kalemie na Bujumbura ana njia mbili za kutumia rekodi. Ya kwanza: asikilize sentensi, aisimamishe, airudie. Ya pili: aiache iendelee huku akisema maneno yaleyale, akiwa nyuma ya msemaji kwa silabi moja au mbili tu; huko ndiko kufuatisha.

Kwa sauti moja ngumu, kusimamisha kunafaa zaidi. Ile "u" ya Kifaransa inataka midomo ya "u" na ulimi wa "i". Rekodi ikikimbia, huna nafasi ya kuupanga mdomo.

Kwa mapigo ya usemi, mimi nachagua kufuatisha. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, Kifaransa huweka uzito mwishoni mwa kifungu. Ukisimamisha, unaijenga sentensi upya kutoka kichwani, na mkazo wa nyumbani unarudi. Ukifuatisha, msemaji hakupi muda huo.

Chukua sekunde 30 za mazungumzo ya bei. Soma maandishi mpaka uyaelewe, kisha yaweke kando. Vaa spika ya sikio moja, ufuatishe mara kadhaa, na simu nyingine ikurekodi. Halafu linganisha: je, unapumzika anapopumzika yeye? Miisho ya vifungu ikisikika kama mnong'ono, kasi imekuzidi. Ipunguze hadi 0.75. Ukimtangulia msemaji, umekariri, na sikio limeacha kazi. Badilisha rekodi.